Jiagizie Mwenyewe Kabla ya Kutangaza Tovuti

Tuseme duka la samani mjini Tanga limetengenezewa tovuti, na mwenye duka anataka kuitangaza kesho. Cha kwanza kukijaribu ni fomu ya kuagizia, kwa sababu inaweza kuharibika bila mtu kujua. Mteja anajaza, anabonyeza "Tuma", anasoma "Asante, tumepokea", kumbe dukani haijafika baruapepe yoyote. Maneno hayo yanaonyesha tu kwamba tovuti imepokea alichoandika.

Mara nyingi kosa liko kwenye jina la mtumaji. Fomu imepangwa itume ujumbe kana kwamba umetoka kwenye anwani ya mteja ya Gmail, ilhali umetoka kwenye seva ya tovuti. Seva inayoupokea inaushuku, inautupa kwenye spamu au inaukataa kabisa. Mwambie fundi aweke anwani ya kikoa cha duka kuwa mtumaji, na anwani ya mteja aiweke kwenye sehemu ya `Reply-To`. Kisha agiza meza kwa anwani yako binafsi. Ujumbe ukifika dukani, ujibu, uone kama jibu linakurudia.

Rudia kwa kujaza kama wateja wanavyojaza. Andika jina lenye king'ong'o, kama Ng'wandu, uangalie kama linafika bila alama za ajabu. Andika namba ya simu inayoanza na 0, halafu inayoanza na +255, zote zikubaliwe. Acha nafasi moja wazi kwa makusudi: fomu ieleze kinachokosekana, wala isifute yaliyokwisha kuandikwa.

Baada ya fomu, bonyeza kila kiungo, ukianza na cha WhatsApp. Anwani yake huandikwa `https://wa.me/255` ikifuatiwa na tarakimu 9 za namba, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Angalia pia kama kuna kiungo kinachorudi kwenye anwani ya majaribio ya fundi.

Kazi hiyo usiifanyie kwenye kompyuta ya ofisini peke yake. Chukua simu ya Android ya bei nafuu, zima Wi-Fi, utumie bando. Fungua tovuti kwa Chrome, kisha kwa Opera Mini, ambayo ikiwa katika hali ya kubana data sana inaweza kuvuruga fomu zinazotegemea JavaScript. Kwenye iPhone tumia Safari. Ukigusa nafasi ya kuandika na ukurasa ukajikuza ghafla, maandishi ya nafasi hiyo yako chini ya pikseli 16, fundi ayaongeze. Ikiwa utatangaza Instagram, fungua kiungo kutoka humohumo, kwani Instagram ina kivinjari chake cha ndani.

Tovuti ikishahamishiwa kwenye anwani yake ya kudumu, agiza meza mara nyingine. Kuhama seva hubadilisha njia ya baruapepe, na fomu iliyofanya kazi jana inaweza kugoma leo. Tangaza oda hiyo ikishafika dukani.