Sukari Kilo 32

Chukua duka la rejareja lenye kaunta mbele na stoo nyuma. Asubuhi lina kilo 40 za sukari. Mwenye duka anauza kaunta, simu mkononi. Mdogo wake yuko stoo na simu nyingine, akiwapimia mama lishe wanaonunua kwa wingi. Programu ya mauzo ni moja, ila bando limeisha tangu jana, kwa hiyo kila simu inaandika ya kwake. Kaunta zinatoka kilo 3, stoo kilo 5. Jioni bando linanunuliwa, simu zinatuma hesabu zao kwenye seva, na programu inasema zimebaki kilo 35. Kwenye gunia zimo 32.

Hapo ndipo ndugu huanza kutazamana vibaya, na si haki, kwa sababu hakuna aliyeiba. Kosa lilitendeka siku programu ilipobuniwa. Jedwali la bidhaa liliwekewa safu moja ya kutunza kiasi kilichobaki. Simu ya kaunta ilisoma 40, ikatoa 3, ikaandika 37. Simu ya stoo ilisoma 40 hiyo hiyo, ikatoa 5, ikaandika 35. Zilipofika kwenye seva, namba iliyochelewa iliifuta iliyotangulia. Zile kilo 3 za kaunta hazikuacha hata alama.

SQLite, hifadhidata inayotumiwa na programu nyingi za namna hii, haiwezi kulaumiwa. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, na leo imo ndani ya simu za Android na iPhone. Inaweka majedwali yote katika faili moja ndani ya simu na kufanya kazi bila intaneti. Lakini haijui kama kuna simu ya pili duniani. Kupatanisha simu mbili ni kazi ya aliyechora majedwali.

Njia iliyo salama ni kutohifadhi kilichobaki, bali kilichotokea. Kila mauzo na kila mzigo unaopokelewa unapata mstari wake, na mstari ukishaandikwa haubadilishwi:

```sql
CREATE TABLE mwendo (
  id        TEXT NOT NULL PRIMARY KEY,
  bidhaa_id TEXT NOT NULL REFERENCES bidhaa(id),
  aina      TEXT NOT NULL,
  kiasi     INTEGER NOT NULL
            CHECK (typeof(kiasi) = 'integer'),
  bei       INTEGER,
  simu_id   TEXT NOT NULL
);
```

Kilichobaki kinapatikana kwa kujumlisha safu ya `kiasi`: mapokezi ni chanya, mauzo ni hasi. Simu ya kaunta inatuma −3, ya stoo inatuma −5, na seva inapata 40 − 3 − 5, yaani 32. Ipi imefika kwanza si hoja tena, kwa kuwa kujumlisha hakujali mpangilio.

Kwa kweli, `kiasi` cha sukari kinaandikwa kwa gramu, si kwa kilo. Robo kilo ni −250. Ukiiachia kompyuta ihesabu desimali, 0.1 ikijumlishwa na 0.2 haitoi 0.3 kamili, na baada ya miezi ya kuuza vipimo vya namna hiyo unaanza kuona mabaki yasiyoeleweka. Ile `CHECK` nayo ina sababu. Kwa kawaida SQLite ni mpole mno: safu ikitangazwa kuwa ya namba nzima, bado itapokea 0.25, au hata neno "robo", bila kulalamika. Mpaka uiambie ikatae.

Safu ya `id` ndiyo inayookoa mambo mengi kuliko zote. Mbunifu mgeni huiacha SQLite itoe namba kwa mfuatano: 1, 2, 3. Basi kila simu inakuwa na mauzo namba 118, na zikikutana, moja inakataliwa au inamezwa na nyingine. Badala yake kila simu inatengeneza UUID, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu za kubahatisha ambao uwezekano wa kujirudia ni mdogo kiasi cha kupuuzwa.

UUID hiyo inatatua pia balaa jingine la mitandao yetu. Simu inatuma mauzo, seva inayaandika, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu haijui kama ujumbe umefika, kwa hiyo inatuma tena. Bila kinga, kilo 5 zinageuka 10. Kinga yenyewe ni maneno machache mwishoni mwa amri ya kuandika:

```sql
ON CONFLICT (id) DO NOTHING
```

Mstari wenye kitambulisho hicho ukiwa umeshapokelewa, wa pili unaachwa. Simu inaweza kutuma mara kumi. Kilo zitakuwa 5 tu.

Bei ni jambo tofauti, kwa sababu bei mbili hazijumlishwi. Mwenye duka akipandisha kilo hadi shilingi 3,200 na mdogo wake, bila kujua, akaiweka 3,100, lazima moja ishinde. Programu nyingi huamua kwa saa ya simu, na huo ni uamuzi mbaya: simu iliyowekwa tarehe ya mwakani itashinda kila mabishano. Ni afadhali kila bei iwe na namba ya toleo. Simu inaposema "nabadilisha bei ya toleo la 7" na seva imeshafika la 8, seva inakataa, na mwenye duka anaonyeshwa bei zote mbili achague. Mauzo yaliyokwisha kufanyika hayaguswi, maana kila mstari umebeba `bei` yake ya wakati ule.

Sehemu ngumu zaidi ni siku ya kuhesabu mali, na hata programu zilizochorwa vizuri hujikwaa hapo. Turudi jioni ile, kabla bando halijanunuliwa. Kilo moja imemwagika, kwa hiyo gunia lina kilo 31. Mwenye duka anapima na kuandika 31. Simu yake, ambayo haijasikia habari za stoo, inaamini ziko 37, hivyo inaandika marekebisho ya −6. Baadaye zile −5 za stoo zinawasili. Jumla inakuwa 26, na kilo 5 zimetolewa mara mbili.

Dalili yake inatambulika: pengo jipya linalingana sawasawa na mauzo ya simu iliyochelewa. Lakini kulitambua hakusaidii kama programu ilihifadhi ile −6 peke yake. Kilichopimwa, yaani gramu 31,000, kinapaswa kuwa na jedwali lake, pamoja na orodha ya namba ya mwisho ya mwendo ambao kila simu ilikuwa imefanya kabla ya gunia kupimwa. Kwa hiyo kila simu inabidi iwe pia na kihesabio chake cha mfuatano, na anayepima lazima aulize stoo imefikia namba ngapi; swali hilo linaulizwa kwa mdomo, bando au bila bando. Mauzo ya stoo yakifika na namba yake ikawa ndani ya mpaka huo, seva inarudia hesabu: 40 toa 3 toa 5 ni 32, kilichopimwa ni 31, marekebisho ni gramu −1,000. Hiyo ndiyo kilo iliyomwagika.