Mboga Ipi? Kadi za Vyakula kwenye Meza ya Kujihudumia Mjini Kigoma

Ukimwuliza mwenyeji wa Ujiji mboga ya leo ni nini, huenda akakujibu kwamba ni dagaa, naye hakukosea. Katika Kiswahili mboga ni kitoweo chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, kiwe cha majani, samaki au nyama. Jibu hilo halimpi taabu mtu nyumbani kwake. Taabu huanza pale neno hilo linapoandikwa kwenye kadi ya bufee, likafasiriwa kwa Kifaransa au Kiingereza kuwa chakula cha mimea, na mgeni asiyekula kiumbe chochote akajipakulia kwa imani.

Tuchukulie chakula cha mchana cha semina ya wahudumu wa afya mjini Kigoma, ambayo wageni wake wametoka Bujumbura na Kalemie. Mezani pana wali, ugali, kisamvu, maharage, mgebuka wa kukaanga, nyama ya nguruwe na kachumbari. Kwa kuwatazama wageni hao, mwandalizi atachagua Kifaransa kiwe lugha ya pili. Kwa watalii waendao Gombe angechagua Kiingereza. Sasa kadi ya kisamvu iandikweje? Kosa la kawaida ni kufasiri jina la chakula. Kisamvu, ambacho Wakongo hukiita sombe, hakihitaji tafsiri. Kinachohitaji tafsiri ni kilichomo. Wapishi wengi hukiunga kwa karanga, na wengine hutia dagaa waliotwangwa, ambao jicho haliwezi kuwaona. Kwa hiyo chini ya jina iandikwe, kwa lugha zote mbili: majani ya muhogo, karanga, dagaa. Mwenye mzio wa samaki naye amesaidiwa, kwa maana kiini kinachoamsha mzio huo kwa kawaida hakiharibiwi na moto wa jikoni.

Maharage yanadai uangalifu wa namna nyingine. Yakiungwa kwa mawese na vitunguu, yanamfaa hata yule asiyetumia kitu chochote cha mnyama. Yakiungwa kwa samli, yanamfaa tu mtu ambaye hali nyama wala samaki lakini hutumia maziwa. Ndiyo sababu maneno “hakuna nyama” hayatoshi, na isitoshe wako wasemaji wengi ambao kwao kuku na samaki hawahesabiwi kuwa nyama. Ni afadhali kadi iseme wazi: “Hakuna nyama, kuku wala samaki, yamo maziwa”, au “Hakuna kitu chochote kitokanacho na mnyama”. Maneno ni marefu kidogo, lakini hayana njia mbili. Wali nao usisahauliwe, kwani mara nyingine hupikwa kwa supu ya nyama.

Kuhusu nguruwe, neno “kitimoto” huchekesha na kila Mtanzania hulielewa, ila mgeni aliyejifunza Kiswahili ng'ambo ya ziwa huenda asilijue. Iandikwe “nyama ya nguruwe”, na soseji zenye nyama hiyo zitajwe vivyo hivyo. Sahani yake iwekwe mwisho wa meza ikiwa na koleo lake. Koleo likihamia kwenye kuku, kadi ya kuku imekwisha kuwa ya uongo. Ujiji wana Waislamu wengi, na hapo jambo hili si la hiari.

Ukali nao una mitego yake. Rangi nyekundu ya mawese hutokana na karotini, wala haina ukali wowote, lakini mgeni huiona akadhani ni pilipili. Kachumbari, kwa upande wake, huonekana ya kupoza mdomo kumbe imekatiwa pilipili mbichi. Tena neno “pilipili” peke yake huweza kuwa manga, hoho au mbuzi, na neno la Kiingereza lina utata uleule. Kadi iseme “kali sana”, na mchoro wa pilipili uwekwe pembeni kwa asiyesoma lugha yoyote kati ya hizo mbili. Pilipili haisababishi vidonda vya tumbo. Mara nyingi vyanzo ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori na baadhi ya dawa za maumivu. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa huona maumivu yakizidi baada ya kuila, nao wanahitaji kujua kabla ya kupakua.

Anayejaza kadi awe mpishi mwenyewe, sufuria zikiwa bado jikoni, kwa kuwa mhudumu wa ukumbini hajui kilichotiwa. Kadi isimame mezani mbele ya chombo. Ikibandikwa kwenye mfuniko huenda na mfuniko, na mifuniko hubadilishana. Kisamvu kikiisha kikaletwa kingine kisicho na dagaa, kadi ya kwanza iondolewe kabla chombo hakijafika.

Hata kadi iliyoandikwa vizuri kuliko zote haimlindi mwenye mzio mkali dhidi ya upawa uliochovywa kwenye sahani mbili. Huyo apakuliwe jikoni, kwa chombo safi, kabla meza haijafunguliwa.