Mifuko 24 Iliyolowa: Krediti Noti Inavyopunguza Deni

Barabara ya Embu kwenda Meru hupanda na kushuka mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya. Mvua ya Aprili inaweza kulikuta lori Runyenjes, ikaliacha Chuka, kisha ikalirukia tena kabla ya Daraja la Nithi. Turubai likiwa na tundu, dereva hana habari. Atakayegundua ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nkubu, simiti inapoanza kushushwa na mifuko ya pembeni ina mabaka ya maji.

Kinachofuata mara nyingi ni simu. Mwenye duka analalamika, muuzaji wa jumla Embu anamtuliza: "Usijali mama, safari ijayo tutakuwekea mingine." Simu inakatwa, kila mmoja ameridhika. Lakini ankara iliyokuja na lori bado inasema mifuko 200, na mwisho wa mwezi karani wa Embu, ambaye hakuyasikia mazungumzo hayo, atadai pesa za mifuko 200.

Pengo hilo huzibwa na krediti noti. Ni hati ambayo muuzaji humwandikia mnunuzi kumwambia kwamba sehemu fulani ya ankara fulani haidaiwi tena. Haiji na pesa mkononi, wala haifuti ankara ya kwanza. Ankara inabaki ilivyo, nayo krediti noti inakaa kando yake na kupunguza deni.

Tuseme bei ni Sh600 kwa mfuko kabla ya kodi, nimeichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mifuko 200 ni Sh120,000. Ongeza VAT ya asilimia 16, yaani Sh19,200, na ankara inafika Sh139,200. Sasa tumtazame mwenye duka akipokea mzigo wake, maana kesi nzima hushindwa au hushinda pale mlangoni.

Kabla ya kutia sahihi dilivari noti, anatenga mifuko yote inayotiliwa shaka. Ugumu peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Simiti iliyokaa chini ya rundo refu hujibana hadi mfuko ukawa kama tofali, ila ukiuviringisha sakafuni mara kadhaa na kubonyeza pembe zake, inalegea na kurudi kuwa unga. Iliyoingiwa na maji haifanyi hivyo. Imekwisha kuanza kuganda, na ndani mna mabonge yasiyovunjika kwa vidole. Mwenye duka anayerudisha mifuko ya aina ya kwanza atagombana bure na muuzaji wake. Katika mfano wetu mifuko 31 ilitengwa, saba ikalegea, ikabaki 24.

Basi anaandika kwenye dilivari noti, kwa kalamu: "Nimepokea mifuko 176 mizima. Mifuko 24 imelowa na kuganda, imerudi na lori." Dereva anatia sahihi chini ya maneno hayo kwenye nakala zote mbili, na tanboi anairudisha mifuko juu ya lori. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya inampa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kukagua mzigo kabla ya kuhesabiwa kwamba ameukubali. Hata hivyo, aliyetia sahihi bila neno lolote, akalalamika baada ya wiki mbili, atakuwa na kazi ya kueleza kwamba maji hayakuingilia paa la stoo yake.

Embu, karani akishapata dilivari noti ile, anaingia kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Ankara iliyokwisha kutumwa humo haibadilishwi wala haifutwi, kwa hiyo njia ya kuirekebisha ni kutoa krediti noti juu yake. Anaitafuta ankara ya awali, anachagua bidhaa na idadi inayorudi, anataja sababu, na mfumo unatoa hati yenye nambari yake yenyewe. Mifuko 24 kwa Sh600 ni Sh14,400, VAT yake Sh2,304, jumla Sh16,704.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huipuuza: ujumbe wa kuisindikiza hati. Nimeona jumbe zilizojaa pole na samahani bila hata nambari ya ankara. Ujumbe unaofaa, uwe wa WhatsApp au wa barua pepe, ungesomeka hivi:

"Habari za leo, mama. Tumepokea mifuko 24 ya simiti ya kilo 50 iliyorudi na lori tarehe 8 Aprili ikiwa imelowa na kuganda, kama ulivyoandika kwenye dilivari noti. Kosa ni letu, turubai lilivuja. Tumekutolea krediti noti nambari 037 dhidi ya ankara nambari 412 ya tarehe hiyo hiyo. Thamani ni Sh14,400, VAT Sh2,304, jumla Sh16,704. Ankara ilikuwa Sh139,200, kwa hiyo deni lako sasa ni Sh122,496, na tarehe ya kulipa haijabadilika. Hatutaleta mifuko ya kufidia. Ukihitaji mingine, agiza na tutakuandikia ankara mpya. Hati yenyewe nimeiambatisha. Ukiona tofauti yoyote, nijulishe kabla ya Ijumaa."

Sentensi kuhusu mifuko ya kufidia inaweza kuonekana kavu, lakini ndiyo inayozuia fujo kubwa kuliko zote. Muuzaji ana njia mbili. Ama alete mifuko 24 mizima badala ya ile mibovu, na ankara ya kwanza ibaki kama ilivyo, ama atoe krediti noti na kuuza upya. Akifanya yote mawili, amegawa Sh16,704 bure, na kosa hilo hutokea kwa urahisi pale dereva anapoahidi moja na karani anaandika jingine.

Kuna njia ya katikati pia. Pengine mwenye duka ana fundi anayehitaji kujazia shimo na anaitaka mifuko ile kwa nusu bei. Mzigo haurudi, ila krediti noti bado inatolewa, safari hii ya Sh300 kwa kila mfuko pamoja na VAT yake, na sababu inaandikwa kuwa ni punguzo la bei kwa ubovu.

Upande wa kodi unawagusa wote wawili ikiwa wamesajiliwa kwa VAT. Bila krediti noti, muuzaji wa Embu atawasilisha KRA Sh2,304 kwa mauzo ambayo hayakufanyika. Akiitoa, anaipunguza kodi hiyo kwenye ritani ya mwezi wa krediti noti, inayotakiwa kufika kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mnunuzi naye analazimika kupunguza kodi anayodai kwa kiasi hicho hicho. Asipofanya hivyo, vitabu vya Nkubu vitadai Sh19,200 huku vya Embu vikionyesha Sh16,896, na mfumo ni mmoja.

Kama mwenye duka alikuwa amelipa yote mapema, hati inageuka kuwa deni la muuzaji kwake. Hapo ujumbe useme wazi kama Sh16,704 zitarudishwa kwa M-Pesa au benki na lini, au zitakatwa kwenye oda ijayo. Mnunuzi asiyepanga kuagiza tena karibuni aombe pesa zake, asikubali ziwekwe.

Na muda una mwisho. Sheria ya VAT ya 2013 inataka krediti noti itolewe ndani ya miezi sita tangu ankara ilipotolewa, isipokuwa pale ambapo mgogoro uko mahakamani. Kwa ankara ya tarehe 8 Aprili, ahadi ya simu itakayokumbukwa Novemba itakuwa imechelewa, na Sh2,304 zile zitabaki KRA.