Picha za Harusi Chini ya Picha za Ubatizo

Mpiga picha amejaza GB 20 za harusi kwenye kadi ya GB 32. Kesho yake, kabla ya kuzihamishia kwenye kompyuta, anaifomati kadi na kupiga ubatizo, GB 6. Jioni ndipo anashtuka. Je, harusi yote imekwenda?

Haijaenda yote. Fomati ya kawaida ya kamera hufuta orodha inayoonyesha kila picha imekaa wapi. Picha zenyewe haiziondoi. Ni kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo. Programu kama PhotoRec haiitegemei orodha hiyo: hupekua kadi nzima ikitafuta baiti zinazoanzisha picha ya JPEG, FF D8 FF, kisha hukusanya kinachofuata.

Kilicholeta hasara ni ubatizo. Baada ya fomati, kamera kwa kawaida huanza kuandika mwanzoni mwa kadi, kwa hiyo takriban GB 6 za kwanza za harusi, pengine bibi harusi akipambwa, zimekaliwa na data nyingine. GB 14 zilizofuata zina nafasi nzuri ya kurudi. Picha iliyo mpakani ina bahati mbaya: imepoteza mwanzo wake, na bila mwanzo programu haiitambui, hata kama sehemu kubwa yake ingalipo.

Wapo wanaoamini kwamba maabara inaweza kusoma kivuli cha data iliyofunikwa. Dhana hiyo ilipata nguvu kutokana na makala ya Peter Gutmann ya 1996 kuhusu diski za sumaku. Mwaka 2008 Craig Wright na wenzake walijaribu: kwenye diski ya kisasa iliyoandikiwa juu, kubahatisha biti moja kulifaulu kwa takriban asilimia 56 tu, karibu sawa na kurusha sarafu. Baiti ina biti nane, na kuzipata zote nane sawasawa kunashuka hadi chini ya asilimia 1. Picha ina mamilioni ya baiti. Fanya hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye kadi ajiulize ni kiasi gani kimeandikwa baadaye, na kwa njia gani. Fomati kamili ya Windows, tangu Vista, huandika sifuri kila mahali. Hapo hakuna cha kuokoa. Kama ilikuwa fomati ya haraka, atoe kadi kwenye kamera mara moja, ainakili yote, na programu ifanye kazi kwenye nakala, ikihifadhi matokeo kwenye diski nyingine.

Fundi akikuonyesha majina ya faili yenye ukubwa sahihi, usilipe bado. Jina na ukubwa hutoka kwenye orodha, na nafasi inayotajwa huenda sasa ina ubatizo. Mwambie afungue picha tano, mbili za mwanzo wa sherehe na tatu za mwisho.

Diski za SSD ni habari tofauti. Faili ikifutwa, kompyuta huiarifu diski kwa amri ya TRIM kwamba nafasi hiyo haihitajiki, na diski huisafisha yenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi, hata kama hujaandika kitu kingine.