Kuchacha kwa Petroli Iliyohifadhiwa: Gamu ya Kabureta na Athari ya Maji katika Petroli yenye Ethanoli, kwa Mfano wa Pampu za Umwagiliaji Dodoma

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni mikavu, na katika mashamba ya mbogamboga na zabibu yanayozunguka Bwawa la Hombolo pampu ndogo za petroli hufanya kazi karibu kila siku. Mvua inapoanza pampu huwekwa stoo, mara nyingi ikiwa na mafuta tangini. Mwezi Mei hutolewa, kamba ikavutwa mara ishirini, na injini isiwake. Au ikawaka kisha ikazima kila inapoondolewa choki. Fundi akifungua kabureta hukuta utando wa rangi ya kahawia unaonata, wenye harufu kali inayokaribia ya vanishi. Utando huo ndio huitwa gamu.

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni. Nyingi kati yake ni tulivu, lakini petroli inayotokana na kuvunjwavunjwa kwa mafuta mazito kiwandani huwa na alkeni, yaani molekuli zenye kifungo maradufu, na kiasi kidogo cha molekuli zenye vifungo viwili vya aina hiyo. Hizi za mwisho ndizo dhaifu kuliko zote. Oksijeni ya hewani huzishambulia na kuunda peroksidi. Peroksidi huvunjika na kuzaa chembe huru ambazo hushambulia molekuli nyingine, na mnyororo huendelea. Molekuli zilizoungana huzidi kuwa kubwa hadi zinashindwa kugeuka mvuke pamoja na petroli nyingine. Zikiwa zimeyeyuka ndani ya mafuta hazionekani. Petroli inapokauka hubaki.

Viwanda huongeza kemikali za kuzuia oksidisho, ambazo hunasa chembe huru kabla mnyororo haujashika kasi. Kemikali hizo hutumika na kwisha. Ndiyo sababu petroli haichachi kwa mwendo sawa: kwa muda mrefu haibadiliki, halafu gamu huongezeka kwa ghafla. Kiwango cha Ulaya, EN 228, hupima mambo haya mawili kwa njia tofauti. Petroli inatakiwa isiwe na zaidi ya miligramu 5 za gamu katika mililita 100, na istahimili dakika zisizopungua 360 katika chombo chenye oksijeni ya shinikizo kubwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi kabla haijaanza kuinywa oksijeni hiyo. Kipimo cha kwanza huonyesha hali ya leo. Cha pili hukadiria uhai uliobaki.

Joto hufupisha uhai huo. Kwa kanuni ya jumla ya kikemia, mwendo wa oksidisho hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 10, na stoo yenye paa la bati huwa na joto kuliko kivuli cha nje. Shaba huharakisha mnyororo hata ikiwa kwa kiasi kidogo sana. Mwanga nao huuanzisha. Kwa hiyo petroli inayouzwa kando ya barabara katika chupa angavu za maji, ikiwa imepangwa juani, huzeeka haraka kuliko iliyo katika debe la chuma. Chupa na madumu ya plastiki yaliyokuwa ya mafuta ya kula yana kasoro ya pili: mvuke hupenya kuta zake na vifuniko vyake. Kinachotoroka kwanza ni sehemu nyepesi, zile zinazowasha injini ikiwa baridi, na kinachobaki hubeba gamu yote katika ujazo mdogo zaidi.

Hata hivyo, tofauti kubwa kati ya pampu inayowaka na isiyowaka hutokana na koki ya mafuta. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu, pampu yenye tangi la lita 3 na bakuli la kabureta la mililita 50, na petroli iliyochacha hadi kufikia miligramu 20 za gamu katika mililita 100. Koki ikifungwa, mililita 50 zilizo katika bakuli hukauka kupitia tundu la hewa na kuacha miligramu 10. Koki ikiachwa wazi, kila tone linalokauka hujazwa na jingine kutoka tangini, kwa kuwa floti hushuka na kufungua njia. Tangi lote likipitia hapo kwa miezi mitano, bakuli hupokea miligramu 600. Jeti ya mwendo mdogo inaweza kuwa na tundu la milimita 0.40 tu. Utando wa milimita 0.05 ukitanda kuzunguka ukuta wake, kipenyo hubaki milimita 0.30, na eneo la kupitisha mafuta hushuka hadi asilimia 56. Hapo ndipo injini hutaka choki muda wote.

Petroli mpya haiyeyushi utando uliokwisha kukauka. Asetoni au dawa ya kusafishia kabureta huuondoa. Waya wa chuma huuondoa pia, lakini hupanua tundu na kuharibu uwiano wa mafuta na hewa. Dawa ya kuzuia oksidisho ina maana ikitiwa petroli ikiwa mpya tu, kwani haiwezi kurudisha molekuli zilizokwisha kuungana.

Suala la maji ni tofauti. Malawi imechanganya ethanoli ya miwa katika petroli tangu 1982, na Kenya iliuza mchanganyiko wa namna hiyo katika miaka ya 1980 kwa ethanoli ya Muhoroni. Kwa hiyo mafuta haya si mageni katika ukanda huu. Petroli tupu hukaribia kukataa maji kabisa: yakiingia huzama chini, hutia kutu tangi, na huonekana. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 huyapokea na kuyaficha hadi takribani nusu ya asilimia, yaani mililita 5 kwa lita. Mpaka huo ukivukwa, mafuta hujitenga. Maji hushuka yakiwa yamevuta sehemu kubwa ya ethanoli, na petroli inayobaki juu hupungukiwa oktani. Mrija wa tangi huchota chini, hivyo injini hupewa kwanza tabaka lisilowaka.

Husemwa mara nyingi kwamba mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa hadi yakajitenga. Hesabu haiungi mkono dai hilo kwa chombo kilichofungwa vema. Dumu la lita 20 lenye lita 10 za mafuta lina lita 10 za hewa. Joto likibadilika kwa nyuzi 20 kati ya mchana na usiku, hewa inayoingia ni kama lita 0.7. Hata ikiwa na gramu 25 za mvuke wa maji kwa mita ya ujazo, huleta chini ya gramu 0.02 kwa siku. Kufikia gramu 50 kungechukua zaidi ya miaka saba. Mafuta yaliyojitenga ndani ya miezi michache, kwa hiyo, yamepata maji ya majimaji: dumu lililosuuzwa bila kukaushwa, kifuniko kilicholegea chini ya paa linalovuja, au faneli iliyoachwa mvuani.

Ubaridi hupunguza uwezo wa mafuta kubeba maji. Mwezi Julai, usiku wa Dodoma unaposhuka hadi nyuzi 13 hivi, mafuta yaliyokuwa angavu mchana yanaweza kuamka na ukungu, ambao hutoweka jua likipanda. Kwa sababu hiyo sampuli huchukuliwa alfajiri, kutoka chini ya chombo, katika glasi safi. Na anayetaka kujua kama petroli ina ethanoli humimina mililita 100 za mafuta na mililita 10 za maji katika silinda yenye vipimo, hutikisa, kisha huacha itulie. Tabaka la chini likibaki 10, hakuna ethanoli. Likikaribia 20, mafuta yalikuwa na takribani asilimia 10 yake.