Mlima Kenya kwa watu wanne: kipi tubebe pamoja, kipi kila mtu abebe chake

Saa kumi usiku, juu ya kambi ya Shipton, mwenzetu aliketi kwenye changarawe akatapika. Kichwa kilikuwa kinamgonga na miguu haimtii. Dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, kwa hiyo mwongozaji alianza kumteremsha papo hapo. Tulikuwa wanne na taa tatu tu za kichwani, kwani nyumbani tulipatana kupunguza uzito. Mgonjwa na mwongozaji walichukua mbili. Sisi wawili tuliobaki tulikuwa na taa moja kwenye mteremko ambao kokoto zake huporomoka kila unapokanyaga. Tukajibanza nyuma ya mwamba karibu saa mbili, hadi kulipopambazuka. Kilichotuokoa na baridi ni kwamba kila mmoja alikuwa na koti lake zito begani.

Taa moja ya kichwani haifiki hata gramu mia. Siku hiyo nilijifunza kwamba kabla ya kuuliza kitu kina uzito gani, ujiulize: tukitengana usiku huu, nani atabaki bila nacho?

Mzigo wa kila mtu

Kitu kinachokuweka hai ukiwa peke yako hakiazimwi. Taa na betri za akiba, koti la mvua, sweta na koti la baridi, kofia, glavu, filimbi, maji, chakula kidogo cha kutafuna na begi la kulalia: kila mtu na vyake. Dawa unazotumia kila siku zikae kwenye begi lako pia.

Hapa hatupunguzi idadi, tunachagua aina. Suruali ya jinzi na fulana za pamba ziachwe nyumbani. Pamba hunyonya maji, huwa nzito na hukupoza mwili. Kuhusu maji, Bonde la Mackinder lina vijito, hivyo mchana lita moja na nusu hadi mbili zinatosha, mradi uyatibu kabla ya kunywa. Usiku wa kupanda Lenana, mita 4,985, hakuna mahali pa kujaza, na chupa hugandia mdomoni. Ilaze kichwa chini ndani ya begi, kwa kuwa barafu huanzia juu ya maji.

Mzigo wa pamoja

Vya pamoja ni vile ambavyo kundi huvitumia likiwa mahali pamoja: mahema, jiko la gesi na mitungi yake, sufuria, dawa ya maji, ramani na dira, kifurushi cha huduma ya kwanza, chakula. Hapa ndipo kilo hupungua bila hatari. Ukimwaga mabegi manne sakafuni utakuta visu vinne, dawa za meno nne na betri nne za kuchajia simu. Bakiza kimoja au viwili vya kila aina.

Chakula nacho kina hila yake. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na joto la takriban nyuzi 86, kwa hiyo maharagwe makavu yatamaliza gesi kabla hayajaiva. Beba uji, tambi za haraka, karanga na chapati.

Kugawa nako kuna kanuni. Watu hupenda kukata hema vipande viwili, huyu abebe turubai, yule nguzo. Ni sawa, ila wawili hao watembee pamoja siku nzima. Ukungu ukiwatenganisha, hakuna mwenye hema. Kifurushi cha huduma ya kwanza apewe anayetembea nyuma, maana aliyechoka au kuumia hubaki nyuma.

Hesabu yetu ya safari iliyofuata

Siku nne, watu wanne, mizani ya jikoni mezani. Mahema mawili yalikuwa kilo 5. Jiko, gesi na sufuria kilo 2.3; huduma ya kwanza, ramani na vitu vidogo kilo 1.9, chakula kilo 11.2. Jumla kilo 20.4, yaani 5.1 kwa kila mtu. Vitu binafsi, pamoja na begi lenyewe na lita mbili za maji, vilikuwa kilo 9.5. Kila mgongo ukabeba kilo 14.6.

Wengi hutumia robo ya uzito wa mwili kama kikomo, hivyo mtu wa kilo 60 yumo ndani kwa shida. Mwenzetu wa kilo 50 alizidi kilo mbili na zaidi. Tulimpunguzia chakula na sufuria, tukawapa wenye miili mikubwa. Taa yake tulimwachia.