Sanduku la Baruapepe Likifungwa, Je, Laweza Kurudishwa?



Katika parokia za Korogwe na Handeni tumekuwa tukiulizwa swali hili mara kwa mara. Kamati ilifungua anwani ya baruapepe mradi wa kisima ulipoanza. Mradi ulipokwisha, katibu alihama na hakuna aliyeifungua tena. Sasa mfadhili akiandika, barua inamrudia. Je, muda wa msamaha ni upi?

Tunapenda kuwafahamisha kwamba muda unaotegemewa ni ule wa kabla ya kufungwa, si wa baada yake. Aidha, barua zinazoingia hazihesabiki kuwa ni matumizi. Kinachohesabika ni mtu mwenyewe kuingia.

Kwa Yahoo, muda huo ni miezi 12. Ukipita, barua zilizomo zaweza kufutwa, na zikishafutwa hazirudi. Hata ukifaulu kuingia tena, utakuta sanduku tupu. Tena, mwaka 2013 Yahoo ilianza kuwapa watu wengine majina yaliyoachwa. Kwa hiyo anwani ya zamani ya kamati yaweza kuwa mikononi mwa mgeni.

Kwa Gmail, muda ni miaka 2. Kanuni hiyo ilitangazwa Mei 2023, na ufutaji ukaanza Desemba 2023. Tuchukue mfano wa katibu aliyeingia mara ya mwisho tarehe 10 Machi 2023. Kuanzia 10 Machi 2025 anwani yake yaweza kufutwa wakati wowote. Kabla ya hapo maonyo hutumwa kwenye anwani yenyewe na kwenye anwani ya akiba, ambayo mara nyingi ni ya katibu aliyehama. Ndiyo maana kamati haipati habari.

Ikiwa imefutwa karibuni, yawezekana kuirudisha kupitia g.co/recover. Hakuna idadi ya siku iliyoahidiwa, hivyo jaribuni siku hiyo hiyo mnapogundua. Mtafuteni katibu wa zamani, mtumie simu yake na neno la siri analolikumbuka. Yakitokea maneno "Couldn't find your Google Account", hakikisheni kwanza tahajia ya anwani. Ikiwa ni sahihi, basi imekwisha. Google haimpi mtu mwingine jina hilo, wala ninyi hamtaweza kulifungua upya.

Hapo waombeni wafadhili nakala za barua, kwani zile walizowaandikia na majibu yenu huenda bado wanazo. Wapelekeeni anwani mpya kwa barua yenye sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa parokia. Nanyi wafadhili, anwani iliyonyamaza miaka ikiibuka na kutaja akaunti mpya ya benki, pigeni simu parokiani kabla ya kutuma fedha.

Tunashauri watu wawili wa kamati walijue neno la siri, na kila toleo la jarida hili likiwafikia, mmoja wao aingie na kusoma barua.